Raba za mtumba mtandaoni: "UK 8" peke yake haitoshi

*"Wakuu, nauza raba za mtumba mtandaoni, mwezi wa tatu sasa. Mzigo naupata mzuri tu, ila kila wiki narudishiwa pea mbili tatu. Wengine hazijawatosha, wengine 'ndugu soli imeisha hii', na jana dada mmoja kanijia juu kuhusu boksi. Tangazo langu huwa 'UK 8, kali sana, safi, 45,000' na picha mbili. Wazoefu mnaandikaje?"*

Mkuu, nina mwaka wa sita kwenye hii kazi. Mzigo naokota soko la Karume, Dar, alfajiri, nauza Instagram na WhatsApp, na zaidi ya nusu ya wateja wangu wako mikoani ambako siwezi kuwaambia "njoo ujaribu". Nilianzia hapohapo ulipo wewe, na kilichonibadilisha ni pea moja ya Adidas.

Niliandika "UK 8". Jamaa wa Dodoma akanipigia: "Kaka, mimi UK 8 navaa miaka yote, tuma." Nikatuma kwa basi. Kesho yake jioni ananiambia vidole vimejikunja, hawezi hata kutembea mpaka getini. Nikadhani ananizungusha. Nikamwomba anipigie picha ya lebo ya ndani ya kiatu alichovaa siku hiyo, ile iliyoshonwa kwenye ulimi. Ilikuwa Nike: US 9, UK 8, EUR 42.5, CM 27. Nikachukua picha niliyokuwa nayo ya lebo ya ile Adidas: US 8.5, UK 8, FR 42, JP 265. Wote wawili tulikuwa wakweli. UK 8 ya Nike imetengenezwa kwa mguu wa sentimita 27, na UK 8 ya Adidas ni ya mguu wa 26.5. Nusu sentimita inaonekana ndogo kwenye rula, ila kwenye kidole gumba ni kubwa. Nauli ya kwenda na kurudi nililipa mimi.

Chanzo cha mchanganyiko huu ni cha zamani sana. Namba za Waingereza zinapanda kwa theluthi ya inchi, yaani karibu milimita 8 na nusu kwa kila namba. Namba za Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Ni ngazi mbili zenye vidato visivyolingana, kwa hiyo haziwezi kukutana kila mahali. Zinapokaribiana, kila kampuni inajiamulia iende juu au chini. Namba zenyewe asili yake ni kupima ule mguu wa mbao au plastiki unaoitwa kalibu, ambao kiatu kinaundiwa juu yake, wala si mguu wa mtu. Namba 42 ya Ulaya ni kalibu ya sentimita 28, kwa sababu 28 mara moja na nusu ni 42. Mguu unaoingia hapo kwa raha ni kama 26.5. Namba ya Wamarekani nayo ina mambo yake: kwenye namba nyingi za kiume Nike wanaipandisha moja juu ya UK, Adidas wanaipandisha nusu tu. Ndiyo maana ukichukua jedwali moja la mtandaoni ukalitumia kwa kila kampuni, utaumia.

Tena hata ndani ya kampuni moja usiiamini UK ikiwa peke yake. Chukua Nike UK 6. Kuna ya kiume yenye US 6.5, EUR 39, CM 24.5. Kuna ya kiume nyingine yenye US 7, EUR 40, CM 25. Halafu kuna ya kike, US 8.5, EUR 40, CM 25.5. Zote tatu lebo inasema UK 6. Ukiandika "UK 6" dada wa Arusha anakuja na picha yake kichwani, na wewe unayo yako. Ukimwandikia "US 8.5" bila kusema ya kike, mwanaume anasoma 26.5 na kutuma hela. Kuna pia zile zenye herufi Y, za vijana. 7Y ya Nike urefu ni sawa na 7 ya kiume, na akina dada wengi wanazivaa, ila andika Y kama ilivyo. Mteja akija kuiona kwenye lebo mwenyewe atahisi umemficha.

Kwa hiyo jambo la kwanza: nakili lebo nzima, usichague namba. Kampuni, US, UK, EUR au FR, na sentimita. Nike wanaandika CM, Adidas wanaandika JP au J kwa milimita, yaani 265 ni sentimita 26.5. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoiweka mbele kwenye tangazo, kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo mteja anaweza kuihakiki nyumbani kwake. Ukiona New Balance yenye 2E au 4E, usiiache, maana yake ni pana. Kuna watu wenye miguu mipana wanazitafuta hizo mwaka mzima.

Halafu angalia lebo za miguu yote miwili. Kwenye belo viatu vinafungwa pamoja kwa kamba, ila kamba zinakatika na mtu anafunga upya kwa haraka. Nimeshakuta kushoto 42 na kulia 42.5, mtindo mmoja, rangi moja, hata uchakavu unafanana. Kwa macho huoni. Soli mbili ukizigusanisha, mgongo kwa mgongo, ndipo unaona moja imezidi kwa upana wa kucha.

Sasa, lebo inakupa mguu. Rula inakupa kiatu, na hapa watu wengi wanachanganya. Toa ile soli ya ndani, ya sponji, iweke mezani ilale, pima kutoka katikati ya kisigino mpaka ncha ya mbali zaidi upande wa kidole gumba. Tumia rula ngumu ya sentimita 30. Futi ya fundi cherehani ikizeeka inavutika, mimi ilinidanganya milimita nne. Kiatu chenye lebo ya CM 27 soli yake ya ndani mara nyingi inanipa 27.8 mpaka 28.2. Ile ziada ni nafasi ya vidole kusogea. Mteja asiyejua hilo anapima mguu wake, anapata 28, anaona umeandika "soli ya ndani sm 28", anafurahi, ananunua. Kiatu kinamkataa. Kwa hiyo mimi naandika mistari miwili: "soli ya ndani sm 28" na chini yake "inafaa mguu wa sm 27". Lebo ikiwa imekatwa au imefutika, napima soli ya ndani na kutoa sentimita moja, kisha nasema wazi kwamba lebo haipo na hicho ni kipimo changu.

Soli ya ndani ikiwa imegandishwa usiing'oe, utaichana. Kata ukanda wa kadibodi ngumu, upana wa vidole viwili, uingize mpaka ugonge mbele, weka alama kwenye kisigino, toa, pima.

Na mteja naye mpe namna ya kupima: kisigino ukutani, karatasi chini ya mguu, asimame kwa uzito wake wote, kalamu wima mbele ya kidole kirefu. Apime jioni, mguu ukiwa umeshavimba na shughuli za siku, na apime miguu yote miwili achukue mkubwa. Nina ujumbe huo nimeuhifadhi kwenye simu, naubandika tu. Asiyetaka kupima namwomba picha ya lebo ya raba inayomtosha. Mtindo wenyewe nao una tabia. Air Force 1 na zile Converse za kitambaa zinajulikana kuwa kubwa kidogo, wengi wanashuka nusu namba. Hilo nalisema kwenye tangazo kama maoni, baada ya vipimo.

Twende kwenye soli, maana hapa ndipo neno "kali" linapokuponza. Nitakuonyesha kwa pea niliyoiuza mwezi uliopita, Air Force 1 nyeupe yote, namba ya mtindo kwenye lebo CW2288-111. Hiyo namba iandike kila mara. Mteja akiiweka kwenye Google anaona kiatu kilivyokuwa kipya, na analinganisha mwenyewe badala ya kubishana na wewe.

Soli ya Air Force 1 ina miduara iliyozungukana, mmoja mbele chini ya vidole na mwingine kisiginoni, na pembeni yake kwenye ncha ya mbele na nyuma kuna vinyota vidogo. Vile vinyota ni kama saa ya kiatu. Kwenye hii pea, nyota za mbele zilikuwepo zote, kingo zimelainika. Za nyuma, upande wa nje wa kisigino, mguu wa kulia zilikuwa zimefutika kabisa, eneo la kama kidole gumba. Kushoto zilionekana kwa mbali. Mtu wa kawaida anakanyaga kwanza kwa upande wa nje wa kisigino, kwa hiyo kulika hapo ni kawaida na hakumsumbui mvaaji mpya. Ila mteja akiona nyota zimefutika na wewe uliandika "soli safi", umekwisha.

Utajuaje kimebaki kiasi gani? Usinunue kifaa, chukua njiti ya kiberiti. Kwenye kila soli kuna sehemu isiyogusa sana chini, katikati, chini ya upinde wa mguu. Mifereji ya pale bado ina kina karibu na kile cha kiwandani. Simamisha njiti kwenye mfereji, weka alama ya kalamu usawa wa juu. Kisha ipeleke njiti ileile kisiginoni na chini ya vidole. Kwenye pea ile, chini ya vidole alama ilizidi kidogo tu, kisiginoni upande wa nje ilibaki nusu. Basi ndivyo nilivyoandika: "mbele imelika kidogo, kisigino upande wa nje imebaki nusu, kulia nyota zimefutika". Sehemu iliyo kipara, yaani laini kabisa bila mfereji, naisema ni kipara na naizungushia duara kwenye picha. Habari ya "asilimia 90" niliiacha, kila muuzaji ana asilimia zake na mteja hawezi kuzipima.

Kipimo cha pili ni cha meza. Weka viatu vyote viwili mezani, chutama, uangalie kwa nyuma usawa wa macho. Vikisimama wima, vizuri. Vikilala kwa nje kidogo, sema. Vikilala kwa ndani kama mtu anayegusanisha magoti, mimi sivichukui kabisa hata kwa elfu tano, kwa sababu sponji la kati limeshakandamizwa kwa mwendo wa mtu mwingine, na hakuna fundi wa kulirudisha. Mvaaji mpya atalalamika goti au kifundo, wala hatajua ni kiatu.

Cha tatu ndicho kilichonitia hasara kubwa kuliko zote. Nilipata Jordan 4, nyeusi, soli chini bado ina ule unga wa dukani, haijakanyaga lami. Nikaandika "haijavaliwa" na ilikuwa kweli. Ikaenda Mwanza. Jamaa kaivaa harusini, kabla ya keki kukatwa soli ya kushoto ilikuwa imemeguka vipande, anaacha njia nyuma kama mtu aliyekanyaga mkate mkavu. Nilirudisha hela yote.

Sababu yake ni sponji lenyewe. Jordan 4 na ndugu zake wengi soli ya kati ni poliyurethani, na ile inakula unyevu wa hewa taratibu, inavunjika ndani kwa ndani hata kiatu kikiwa kabatini. Kutovaliwa hakuisaidii, na hewa yetu ya pwani haiihurumii. Sasa kabla sijanunua nafanya mambo mawili. Natafuta tarehe kwenye lebo. Nike wanaandika tarehe mbili za kutengenezwa, ndogondogo, mwezi ukitangulia, siku na mwaka. Ikiwa imefika miaka kumi na soli ya kati ni ya aina hiyo, naogopa. Pili nabonyeza kwa kucha kwenye sponji karibu na kisigino. Zima inabonyea na kurudi. Iliyokufa inabaki na shimo, au rangi ya juu inapasuka mistari kama tope la mto uliokauka, au unahisi kidole kinanata. Nikikuta dalili naiacha, au naiuza kwa bei ya kupamba kwenye rafu na naandika "SI YA KUVAA" kwa herufi kubwa.

Kuhusu usafi, neno "safi" nalo halisemi kitu. Mteja anataka kujua umeosha nini, umetumia nini, na nini kimegoma. Kwenye ile Air Force nilitoa kamba na soli za ndani, nikaloweka kamba peke yake. Ngozi nikaipitisha kwa kitambaa na sabuni ya maji kidogo, mishono kwa mswaki laini, soli ya chini kwa brashi ngumu. Nikakausha kivulini siku mbili, ndani nimejaza karatasi nyeupe za chooni. Gazeti niliacha siku wino ulipohamia kwenye kitambaa cha ndani cha pea nyeupe. Jua nalo liepuke, linageuza gundi na sponji kuwa njano. Jiki kwenye nyeupe ni mtego uleule: leo inang'aa, ikikauka sawasawa inatoka na umanjano ambao hautoki tena. Mashine ya kufulia siitumii, nimeona soli zinaachia gundi. Ngozi ya swedi maji yasiiguse, brashi kavu na ufutio wa penseli vinatosha, na doa lililobaki linabaki kwenye picha.

Kilichogoma kwenye pea ile ni mikunjo miwili juu ya vidole na doa la bluu ndani ya shingo ya kiatu cha kushoto, nadhani rangi ya jinzi. Vyote niliviandika na kuvipiga picha. Na hapa nikuonye kuhusu kiwi nyeupe. Jamaa wengi sokoni wanapaka kiwi au rangi pembeni ya soli ili ing'ae. Ukinunua mzigo uliopakwa, pitisha kidole chenye mate: kikitoka cheupe, umepakwa. Ifute uone kilichopo chini. Ukiamua kupaka mwenyewe, andika "soli pembeni imepakwa rangi", kwa sababu mvua ya kwanza ya Machi itasema kwa niaba yako. Vilevile gundi. Kama fundi kagandisha ncha ya mbele, andika imegandishwa wapi. Mimi wateja wangu wameshanunua pea zilizogandishwa bila tatizo, ila hakuna aliyewahi kusamehe aliyoigundua mwenyewe.

Soli za ndani zina hadithi yake. Raba ya mtumba inakuja na moja ya hali tatu: za kwake zipo, hazipo, au zimewekwa nyingine. Za kwake utazitambua kwa maandishi ya kampuni, hata yakiwa yamefutika nusu, na kwa jinsi zinavyokaa bila kukunja pembeni. Zikiwa na alama za vidole vya mtu zimechimbika, piga picha, kuna watu wanachukia hilo kuliko soli iliyolika. Zikiwa hazipo, mguu unashuka chini na kiatu kinakuwa kama kimekua. Ukiweka za kununua zilizo nene, kinabana hasa juu ya unyayo. Kwa hiyo hali ya soli ya ndani inageuza hata namba uliyoandika juu. Ulipima kwa ipi? Mimi nikikuta hazipo nanunua nyembamba mpya, naandika "soli za ndani si za kwake, mpya", na kipimo nachukua kwa kadibodi ndani ya kiatu zikiwa zimo.

Boksi halina hata mambo mengi. Raba ya belo haiji na boksi, zinasafiri zimebanwa kama mahindi gunia. Ukiona muuzaji wa mtumba ana boksi, kalipata kwingine. Huyo dada wako, nahisi, aliona boksi kwenye picha akajua ni sehemu ya bidhaa. Usipige picha na kitu usichouza. Ukilitoa, linganisha kibandiko cha boksi na lebo ya kiatu, namba ya mtindo na saizi. Vikilingana andika "boksi la kwake". Visipolingana andika "boksi la kubebea tu". Ukikaa kimya mteja akagundua, kesho anakuita muuza feki hata kama kiatu ni halali kabisa.

Ile pea tangazo lake lilitoka hivi:

```
Nike Air Force 1 nyeupe, ya kiume, CW2288-111
INAFAA MGUU WA SM 27 (lebo: US 9 / UK 8 / EUR 42.5 / CM 27)
Soli ya ndani nimepima: sm 28. Mtindo huu ni mkubwa kidogo.
Soli: mbele imelika kidogo. Kisigino upande wa nje
imebaki nusu, kulia nyota zimefutika (picha 3).
Imesimama wima. Haijagandishwa, haijapakwa rangi.
Imeoshwa kwa mkono. Imebaki: mikunjo 2 juu ya vidole,
doa la bluu ndani ya shingo kushoto (picha 6).
Soli za ndani: za kwake, zimeoshwa. Boksi: HAKUNA.
55,000. Mikoani natuma kwa basi.
```

Picha zilikuwa saba: pembeni, juu, soli mbili pamoja, visigino kwa nyuma mezani, lebo, doa, na soli za ndani zikiwa na rula pembeni. Soli zipige kivulini mlangoni, mwanga ukitoka ubavuni, mifereji inatoa kivuli na mtu anaona kina chake. Mwanga wa simu ukipiga moja kwa moja, hata kipara kinaonekana kizima.

Utaniambia watu hawasomi. Kweli, wengi watakuuliza "bei gani" ilhali ipo. Ila anayekurudishia mzigo huwa anasoma, akishaupokea. Na bei haikushuka kwa kutaja kasoro: pea kama hiyo nilikuwa naipeleka 45,000 kama wewe.

Aliyeichukua ni jamaa wa Morogoro. Alisoma yote, akatuma picha ya mguu wake kwenye karatasi, sm 26.8, kisha akauliza swali moja tu: "Kamba ni za kwake?" Nikaenda kuangalia. Hazikuwa za kwake, zilikuwa za duara na Air Force inakuja na bapa. Nikamwambia, akasema atanunua bapa hukohuko, akatuma hela. Tangu siku hiyo nimeongeza mstari wa kamba.